Mshororo Usiokwenda Popote

Kuna viitikio vyenye vina safi na mizani isiyopungua, mwimbaji ana sauti nzuri, na bado msikilizaji anachoka kabla mshororo wa nne haujafika. Mtunzi akiona hivyo hukimbilia kuongeza ngoma au kupandisha sauti, kumbe kasoro imo katika maneno.

Tuchukue mtunzi anayeishi Kimbo, huko Ruiru, anayetaka kuwaimba watu wanaodamka kuwahi matatu za Barabara ya Thika kwenda kazini Nairobi. Anaandika:

*Nimechoka kuamka,*
*Mwili wangu umechoka,*
*Nguvu zote zanitoka,*
*Kweli nimedhoofika.*

Hesabu mizani: kila mshororo una nane. Kina cha -ka hakikosi mahali. Kwa kanuni za ushairi hana kosa. Lakini jaribu kuupeleka mshororo wa nne juu na wa pili chini: hakuna kilichoharibika. Ufute wa tatu: hakuna kilichopotea. Hiyo ndiyo dalili ya uhakika. Mishororo ambayo inaweza kubadilishana nafasi bila hasara inafanya kazi moja, na mmoja tu ungetosha.

Sikio huchoshwa hapa kwa sababu maneno mapya huleta matumaini ya habari mpya. Likisikia “nguvu” baada ya “mwili”, linangoja kuambiwa jambo, kisha linakuta ni uchovu uleule. Mara ya tatu linaacha kungoja. Ndiyo maana kurudia maneno yaleyale kabisa hakuchoshi vivyo hivyo. Kibwagizo cha mshororo mmoja kinachoitikiwa na umati hakimdanganyi mtu. Wote wanajua kinarudi, na raha yake ni kukipokea pamoja. Kinachochosha ni wazo moja linalobadilisha mavazi.

Sasa tukitengeneze kiitikio hiki. Mshororo wa kwanza tuuache, maana unasema jambo waziwazi na kwa lugha ya kila siku. Wa pili useme wapi na wakati gani. Wa tatu ulete kinachopingana na uchovu huo. Wa nne utoe matokeo:

*Nimechoka kuamka,*
*Kimbo taa zinawaka,*
*Mwana karo anataka,*
*Ndipo tena naamka.*

Mizani ni ileile, kina ni kilekile, na uchovu umetajwa mara moja tu, lakini sasa unasikika zaidi. Taa zinazowaka zinatuonyesha giza bila kulitaja. Karo inatupa sababu. Na neno “kuamka”, lililoanza kama lalamiko, linarudi mwishoni likiwa uamuzi. Jaribu tena kuhamisha mishororo: ukiuweka wa nne mbele ya wa tatu, “ndipo” inakosa cha kushika. Kila mmoja umepata kiti chake.

Ufundi huu tunao katika nyimbo tunazozijua sote. “Jambo Bwana” ya Them Mushrooms wa Mombasa, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1980, ni nyepesi hata mgeni huishika siku ya kwanza. Ukiisikiliza kwa makini utaona kwamba wepesi huo una mwendo: mtu anasalimia, anajulia hali, anajibiwa, wageni wanakaribishwa, kisha wanatolewa wasiwasi kuhusu nchi waliyofikia. Hatua hizo zinafuatana kama mazungumzo ya mlangoni, wala huwezi kuanza kwa jibu kabla ya salamu. Wimbo mwepesi hivyo ungeweza kwa urahisi kuwa salamu tano zenye maana moja.

Dawa hii ina kipimo chake. Mtunzi akishaonja utamu wa kusogeza maana anaweza kutia ndani ya kiitikio nauli, konda, mwenye nyumba na bei ya unga. Hayo ni mali ya beti. Kiitikio kitaimbwa tena baada ya kila ubeti, kwa hiyo kibebe jambo moja linalosafiri kutoka hali moja hadi nyingine, kisha beti zije kuliongezea uzito. Ubeti wa kwanza ukimtaja mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mshororo wa tatu utasikika tofauti ukirudi, ingawa hakuna neno lililobadilika.

Basi kabla hujalipia saa za studio, kiandike kiitikio chako kwenye karatasi, na kando ya kila mshororo andika kwa maneno machache unachomwambia msikilizaji ambacho hakukijua kabla. Ukijikuta umeandika jibu lilelile mara mbili, bakiza mshororo mmoja na uutunge upya ule mwingine.