Siku Nne za Saa Kumi: Hesabu ya Zamu Kisumu

Saa 40 kwa wiki zinaweza kufanywa kwa siku 5 za saa 8 au siku 4 za saa 10. Mfanyakazi anayekuja Kisumu kutoka Ahero huuona upesi uzuri wa mpango wa pili: nauli ya matatu hulipwa mara nne badala ya tano, na siku nzima inabaki ya shamba au ya watoto. Sheria haina kizuizi hapo, kwani agizo la jumla la mishahara nchini Kenya linaruhusu hadi saa 52 kwa wiki ya siku 6. Tatizo liko kwenye ratiba ya zamu.

Chukua wadi inayohitaji muuguzi mmoja usiku na mchana. Zamu za saa 8 ni 3 kwa siku, yaani 21 kwa wiki. Kila muuguzi akifanya zamu 5, wanahitajika watu 4.2, kabla hujahesabu likizo na ugonjwa. Ukihamia saa 10, zamu mbili hazifiki saa 24, kwa hiyo zinabaki 3 kwa siku na 21 kwa wiki. Sasa kila muuguzi anafanya zamu 4 tu, na wanahitajika watu 5.25. Mishahara imepanda kwa robo nzima. Unachopata ni saa 6 kwa siku ambazo zamu mbili zinapishana, na zina faida iwapo tu utaziweka penye msongamano, kama wakati wa dawa za asubuhi. Zikiangukia usiku wa manane, umelipa bure.

Kwenye ofisi ya mchana hesabu ni nyepesi zaidi. Makarani 5 wakipokezana siku ya mapumziko, kila siku wanakuwepo 4. Milango inafunguliwa kwa muda mrefu zaidi, lakini saa nne asubuhi, foleni ikiwa ndefu, dirisha moja limefungwa. Mmoja akiugua, wanabaki 3.

Kuhusu uchovu, uchambuzi wa Folkard na Tucker wa mwaka 2003 ulikadiria kwamba hatari ya ajali katika zamu ya saa 10 ni kubwa kuliko ya saa 8 kwa takriban asilimia 13. Ongeza saa moja ya chakula: anayeingia saa moja asubuhi anatoka saa kumi na mbili jioni. Kisumu iko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima giza halichelewi, na wa Ahero hufika kwake usiku.

Kabla ya kuamua, andika makosa kwa saa yalipotokea, kisha linganisha saa ya 9 na ya 10 na zile za asubuhi. Yakizidi huko mwishoni, rudi kwenye saa 8. Kwa maoni yangu, saa 10 zinaifaa ofisi ya mchana yenye wahudumu wa kutosha. Wadi ya saa 24 isiyo na bajeti ya robo ya ziada isiziguse.