Sanaa ya Kunukuu Kauli za Wazee

Katika maandishi ya mahojiano niliyoyanukuu majira ya baridi, nikiwa nimekaa ndani ya maktaba ya Robarts ya Chuo Kikuu cha Toronto, ilikuwamo sentensi moja fupi ambayo kwa muda wa majuma matatu niliifahamu sivyo. Bibi mmoja mzaliwa wa Kiambu, aliyehamia Scarborough kwa binti yake uzeeni, na ambaye kwa mazoea ya Kenya nilikuwa nikimwita Shosho, aliniambia hivi: "Nilianza kusoma mwaka ule mama alipofariki." Nami, niliyezaliwa Mombasa na kulelewa katika Kiswahili ambacho kusoma ni kukaa mbele ya kitabu, kiwe msahafu au kitabu cha skuli, nikaandika katika rasimu ya tasnifu yangu, kwa Kiingereza, kwamba mwaka huo aliingia shuleni, nikapita.

Taksiri yangu ilidhihiri kurasa arubaini mbele, pale Shosho alipomzungumza baba yake: "Baba hakusoma mpaka anakufa, ila barua za tajiri wake alikuwa akizisoma mwenyewe." Mtu hawezi kuwa hakusoma ilhali anasoma barua, isipokuwa neno hilo moja linabeba maana mbili. Hapo nikakumbuka kwamba Wakikuyu waliwaita Wakristo wa mwanzo athomi, yaani wasomaji, kama vile Waganda walivyowaita wa kwao abasomi, kwa kuwa katika misheni darasa la alifabeti na darasa la ubatizo lilikuwa aghalabu darasa moja. Shosho alikuwa amezungumza Kiswahili kwa maana ya Kikikuyu, na alichonieleza ni siku alipoingia dini. Nikalifuta neno shule, na hadi leo katika sura ile "kusoma" limebaki kwa Kiswahili chake, likiwa na ufafanuzi wa aya nzima, maana neno la Kiingereza la kulichukua mahali pake sikulipata.

Saa moja ya sauti hunichukua saa saba za kuandika, na wenzangu wengine huona ni muda uliopotea, kwa kuwa wao husikiliza mara moja, wakachukua muhtasari, wakatoa humo nukuu tano au sita za kupamba hoja iliyokwisha kuundwa. Mimi husikiliza mara tatu: mara ya kwanza naandika maneno, mara ya pili naandika mapumziko, vigugumizi na kila neno lililokatwa njiani, na mara ya tatu sigusi kalamu ila nafuata maandishi kwa jicho huku sikio likiyahakiki. Zamani nilikuwa nikifanya hiyo ya kwanza tu, tena nikiyasafisha maneno yasomeke vizuri, na laiti ningalidumu hivyo, sehemu iliyo bora ya tasnifu yangu isingaliandikwa.

Sehemu hiyo inahusu jinsi wazee wanavyokumbuka kuongoka kwao. Mahojiano ya kwanza na Shosho yalifanyika sebuleni, na walikuwapo ndugu wawili wa ushirika wake wa maombi, watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, na ambao wafuasi wake hujulikana kila mahali kwa wimbo wa Tukutendereza. Ubatizo wake wa mwaka 1946, ambao cheti chake alikuwa nacho, aliutaja kwa sentensi moja. Kuokoka kwake katika mkutano mkubwa wa Kabete mwaka 1949, akiwa na miaka kumi na saba, kulijaza kurasa nne, kwa kitenzi kilichofuatana na kitenzi pasipo pumzi: nikalia, nikaungama, nikaenda dukani, nikamlipa mwenye duka ratili mbili za sukari niliyomwibia.

Nilikuwa nimewahoji wazee kumi na wawili, na nilipoyaweka maandishi yao pamoja, niliona kuwa tisa wanasimulia kwa mpango huohuo: giza, machozi, maungamo, kurudisha kilichoibwa. Msomaji mwepesi wa kuhukumu atasema wamekariri; lakini insafu yataka tukumbuke kwamba ushuhuda ule umetolewa mbele ya ndugu mara mamia kwa miaka sitini na zaidi, na kila kauli ya namna hiyo huchukua umbo la mahali inaposemwa. Kwa hiyo nilipigia mstari wa buluu yote yaliyo ya jamii, na mstari mwekundu lile ambalo mzee mmoja peke yake amelisema. Katika kurasa nne za Shosho palikuwa na wekundu mahali pamoja tu. Nakala yangu safi ilisomeka, "Nilitoka Kabete jioni." Nakala ya usikilizaji wa pili ilisomeka, "Tuli... (kimya, sekunde 9) nilitoka Kabete jioni."

Basi nilimrudia, safari hii jikoni kwake, tukiwa wawili na chai, nikamwuliza, "Shosho, siku ile ya Kabete ulirudi na nani?" Akasema, "Tulikuwa wawili, mwanangu." Alikuwa na binti ya ami yake. Sukari waliiba pamoja, wakaungama jioni moja, wakaenda kuilipa pamoja. Kisha Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Watu wa Uamsho wengi wakakataa kula kiapo cha Mau Mau, na wako waliouawa kwa kukataa kwao. Shosho alikataa. Binti ya ami yake alikula, na katika miaka ile akatoweka.

Hapa ndipo penye hadhari kubwa. Mwanahistoria wa Kiitalia, Alessandro Portelli, alionyesha jinsi wafanyakazi wengi wa mji wa Terni walivyokumbuka kuwa mwenzao Luigi Trastulli, aliyeuawa na polisi mwaka 1949, aliuawa mwaka 1953, wakati wa msukosuko wa watu kufukuzwa kiwandani, na akalichukua kosa hilo la tarehe kuwa ni habari yenyewe. Tarehe ya Shosho haina kosa. Kilichohama ni idadi ya watu. Yaliyotokea Kabete jioni ile siwezi kuyathibitisha kwa ushahidi wa mtu mmoja. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba mwaka 1949 unaosimuliwa sebuleni ni ule uliokwisha kupitiwa na mwaka 1952, na wokovu wa wawili ukawa wa mmoja. Kwamba aliona haya mbele ya ndugu zake, au aliogopa, au alimhifadhi marehemu, hakuniambia, nami sikuandika.

Fomu ya idhini iliyopitishwa na kamati ya maadili iliruhusu mzee achague kufichwa jina au kutajwa, na Shosho alitaka atajwe, akisema kuwa ushuhuda usio na mwenyewe ni uvumi. Hapa silitaji, kwa kuwa idhini ile ilikuwa ya tasnifu pekee. Rasimu nilipomsomea, kwa Kiswahili, neno kwa neno, aliniomba nitoe kitu kimoja: jina la binti ya ami yake. Nikalitoa. Halafu akaniuliza ile alama ya mabano ni ya nini, nikamweleza kwamba ni pale aliponyamaza, akasema iache.

Sehemu hiyo ina kurasa ishirini na mbili. Nukuu yake ya kwanza, juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo, ni "Tuli", na mabano ya sekunde tisa yanafuata.