Salamu za Idd kwa Baba Salma: uchambuzi wa ujumbe mmoja

Ujumbe wenyewe ni huu. Uliandikwa Tanga, asubuhi ya Idd el-Fitr, na mama aliyeachika mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo. Aliyepelekewa ni baba wa mtoto wake, ambaye sasa ana mke mwingine na anaishi mtaa wa pili. Mwenyewe ameniruhusu niuchambue. Majina nimeyabadili.

"Asalaam aleikum Baba Salma. Idd Mubarak kwako na kwa wote nyumbani. Mungu atupokelee funga zetu, sisi na nyinyi. Gauni ulilomletea Salma limemkaa vizuri, hataki kulivua. Asante. Idd pili mjomba wake atamleta saa nne asubuhi, na atampitia baada ya alasiri. Muwe na sikukuu njema. Mama Salma."

Kabla ya huo alikuwa ameandika mwingine usiku wa mwandamo, redio ilipokwisha kutangaza mwezi, watoto wa jirani wakipiga kelele uani. Hakuutuma. Ulisema hivi: "Idd Mubarak Abuu. Leo nimezikumbuka Idd zetu za Pangani. Nisamehe kwa yote niliyokukosea, na mimi nimekusamehe. Salma anakuulizia kila saa, anasema nyumba haina raha bila baba. Pilau lipo, karibu wakati wowote."

Ujumbe huo wa usiku haukuwa na neno baya hata moja, na ndiyo maana unafaa kuchunguzwa. Kila sentensi iliyokuwamo ni ya uungwana mtu akimwandikia shemeji au jirani. Mtalaka ndiye anayezisoma kwa namna nyingine.

Tuanze na jina. "Abuu" ni jina la chumbani, alilomwita yeye peke yake. "Baba Salma" pia alimwita walipokuwa pamoja, kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba hakuna tofauti. Tofauti ipo: Baba Salma ndivyo anavyoitwa na muuza duka, na mwalimu wa madrasa, na majirani wote wa Ngamiani. Ni jina la hadharani, tena la kweli, kwa sababu talaka haikumvua ubaba. Angemwita "Bwana Fulani" kwa jina la ukoo angesikika kama karani wa mahakama, na uchangamfu ungekufia hapo hapo. Kutia saini "Mama Salma" mwishoni kunamaliza kazi hiyo hiyo. Anayesoma anajua ni nani anayezungumza na kwa wadhifa gani.

Sentensi ya pili na ya tatu ndizo zenye ufundi mkubwa, ingawa zinaonekana za kawaida kabisa. "Kwa wote nyumbani" inamwingiza mke wa sasa bila kumtaja. Nilimuuliza kwa nini hakumtaja kwa jina, akasema wao wawili hawajawahi kusalimiana, na kumtaja ghafla siku ya Idd kungeonekana kama kumchungulia. Nakubaliana naye. Wanawake hao wangekuwa wanaamkiana sokoni, kumtaja kungekuwa bora zaidi. Kisha akaandika "sisi na nyinyi". Dua ya Idd yenyewe tangu asili huombwa kwa wingi, kwetu na kwenu, na hapa wingi huo umefanya kazi mbili. Umemwombea heri kwa moyo mweupe, na papo hapo umeweka nyumba mbili, moja huku na moja kule. Hakuna haja ya kuandika "sisi tulishaachana" mahali ambapo sarufi imekwisha kusema.

Ndiyo maana ujumbe huu unapita mtihani ambao ningependa kila mtu autumie: ukisomwa kwa sauti sebuleni, mke wa sasa akiwa anapakua pilau, hakuna anayelazimika kubadili uso. Ule wa usiku usingepita. "Idd zetu za Pangani" pekee ingetosha kuleta maneno katika nyumba ya watu.

Gauni sasa. Salamu nyingi za watalaka huwa baridi kwa sababu mwandishi anaogopa, kisha anaogopa hata kushukuru. Huyu mama amepata uchangamfu wake kwenye jambo dogo lililotendeka kweli: baba alinunua gauni, gauni limemkaa mtoto, mtoto hataki kulivua. Shukrani hiyo ni ya kitendo kilichokwisha. Haimsifu yeye kuwa mtu mwema kupita wote, wala haimwombi viatu. Aliambatanisha na picha, na hapo alinionyesha jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Katika picha ya kwanza mkono wake, wenye hina mbichi ya Idd, ulikuwa umeshika bega la mtoto. Akaifuta. Akampiga Salma nyingine akiwa peke yake mlangoni.

Linganisha na "Salma anakuulizia kila saa". Huenda ni kweli. Lakini maneno ya mtoto yanapopelekwa na mama, baba hawezi kujua yanaishia wapi na ya mama yanaanzia wapi, na "nyumba haina raha bila baba" ni maneno ya mtu mzima. Mtoto wa miaka minane akitaka kumwambia baba yake kwamba amemkosa, apewe simu aseme mwenyewe.

Mahali pagumu kuliko pote ni msamaha. Sikukuu kwetu ni siku ya kuombana radhi, na watu hutumiana "tusameheane" kutoka Tanga hadi Lamu. Mama huyu alitaka kweli kusamehewa, na kulifuta neno hilo kulimuuma. Tatizo ni "kwa yote niliyokukosea". Jirani akilisoma hilo hujibu "amin" na kuendelea na shughuli zake. Mtalaka akilisoma, anaanza kuyahesabu. Atakumbuka ugomvi wa mwisho, ataandika lile aliloliona yeye, na saa sita mchana siku ya Idd watu wawili watakuwa wanasuluhisha ndoa iliyokwisha kuvunjika. Radhi ya namna hiyo ina njia yake: shangazi au mzee aliyesimamia mambo yao tangu mwanzo anaweza kuipeleka, siku isiyo ya sikukuu, kwa maneno machache. Yeye aliifikisha baada ya wiki kadhaa kupitia kwa shangazi.

"Karibu" nayo ina shida inayofanana na hiyo. Kwetu huwezi kumtakia mtu Idd njema bila kumkaribisha chakula. Ukinyamaza unaonekana mchoyo. Lakini "karibu wakati wowote" ni mlango ulioachwa wazi usiku na mchana. Yeye aliubadili ukarimu huo kuwa ratiba. Mtoto ndiye anayekwenda, saa imetajwa, anayemleta ni mjomba, kwa hiyo baba hana sababu ya kusimama mlangoni, na kurudi kumepangwa pia. Watu wengi husahau saa ya kurudi, na ugomvi wa Idd pili magharibi huanzia hapo.

Angalia pia kwamba aliandika "Idd pili" na hakutaja jina la siku. Kwake mwezi ulikuwa umekwisha kutangazwa, lakini anayeandika kabla ya mwandamo hajui kama Idd ni kesho au keshokutwa, na ahadi ya "Jumanne" iliyotolewa mapema huharibika mwezi ukiandama kinyume na matarajio. Nyumba zao zote mbili hufuata tangazo la Bakwata, kwa hiyo "Idd pili" ni siku moja kwao. Ambapo nyumba moja inafuata mwandamo wa hapa na nyingine inafuata Makka, Idd pili inaweza kuwa siku mbili tofauti, na hapo lazima siku itajwe kwa jina lake. Kwa Wakristo wakati wa Krismasi jambo hili ni rahisi zaidi, kwani tarehe 26 Desemba haihami.

Kitu kingine hakimo kabisa: ada ya shule. Alikuwa anamdai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwekea baba wajibu wa kumtunza mtoto, na madai hayo ni ya haki. Lakini akiyabandika chini ya salamu za Idd, salamu zinageuka chambo, na dai lenyewe linadhoofika kwa sababu limefunikwa na dua. Aliyaandika siku nyingine, katika ujumbe wake pekee, wenye kiasi na tarehe. Ujumbe wa namna hiyo ukihitajika kuonyeshwa kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani, unasomeka bila kuchambuliwa.

Jibu lilikuja baada ya swala ya adhuhuri: "Wa aleikum salaam Mama Salma, nanyi pia. Sawa saa nne. Unaikumbuka ile Idd ya Pangani?" Hapa ndipo mipaka ilipopimwa hasa, maana yale aliyoyafuta usiku yameletwa na upande wa pili. Alijibu: "Sawa, saa nne basi. Siku njema kwenu." Swali la Pangani halikujibiwa, na pia halikukemewa. Angeandika "tusirudi huko" angekuwa ameshalizungumza. Alijibu la mtoto, akaacha lililobaki likae, na mwenzake akaelewa. Baba Salma angeuliza tena, au kuuliza "uko na nani siku hizi?", kimya kingetosha.

Kuna nyakati ambapo hata ujumbe huu mzuri haufai. Mwanamke aliye katika eda ya talaka rejea bado yumo katika muda ambao mume anaweza kumrejea, na salamu zenye joto wakati huo husomwa kama ishara, hata zikiandikwa kwa uangalifu gani. Kama hataki kurejewa, salamu za mtoto zipitie kwa mzee hadi eda iishe. Na palipokuwa na kipigo au vitisho, hakuna deni la salamu. Mipango ya mtoto ipite kwa mtu wa tatu, na sikukuu ipite bila ujumbe.

Unayetaka kuandika wako mwaka huu, anza na ile sentensi ya saa na ya mtu atakayemleta mtoto, ndipo upande juu kutafuta dua na shukrani. Kama hamna mtoto wala jambo jingine linalowaunganisha, salamu na dua ya wingi zinatosha, na huna haja ya kuongeza sentensi ya tatu.