Kutoka "tabianchi na wanawake" hadi kamba za mwani Jambiani

Mapendekezo mengi ya utafiti wa shahada ya kwanza hufinywa kwa mbinu moja: mada inaachwa na ukubwa wake, kisha jina la wilaya linabandikwa mwishoni. "Athari za Mabadiliko ya Tabianchi kwa Maisha ya Wanawake: Uchunguzi Kifani wa Wilaya ya Kusini, Unguja." Zile nukta pacha humfanya mwandishi aamini kwamba kazi ya kufinya imekwisha, kumbe kilichopungua ni nauli tu. Ndani ya wilaya hiyo "maisha" bado ni chakula, afya, kipato na ada za watoto. "Tabianchi" bado ni joto, mvua, upepo na bahari.

Tuichukue mada hiyohiyo, tuseme ni ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesoma maendeleo ya jamii, tuifuate mpaka iwe swali.

Msimamizi mzuri haanzi kwa kumwambia apunguze. Humuuliza: umeona nini mpaka ukaifikiria mada hii? Kwa anayejua pwani ya mashariki ya Unguja, jibu mara nyingi ni mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na tangu mwanzo wakulima wengi wamekuwa wanawake. Aina mbili ndizo zilizoshika: kotonii na spinosamu. Kotonii huuzwa kwa bei nzuri zaidi lakini haistahimili maji ya moto. Tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi, na wakulima wengi wakahamia spinosamu, ambayo ni ngumu zaidi lakini bei yake ni ya chini.

Hapo mwanafunzi ana jambo la kuangalia, ila swali la kwanza linalomjia ni bovu: "Kwa nini wakulima wa Jambiani wameacha kotonii?" Ubovu wake ni kwamba jibu limekwishaandikwa. Joto la maji na ugonjwa unaogeuza matawi ya mwani kuwa meupe na kuyakatakata vimechunguzwa na wanasayansi wa bahari kwa miaka mingi. Wiki moja ya kusoma machapisho ingetosha kuligundua hilo, nayo ni wiki inayorukwa kuliko nyingine zote. Swali la mwanafunzi halina budi kukaa pale ambapo wasomi wenzake bado wanabishana, au ambapo hawajapita.

Machapisho hayohayo yanataja jambo jingine kwa kupita tu. Kwa miaka mingi kampuni za kununua mwani zimekuwa zikiwapa wakulima kamba na vifaa, na mkulima aliyepewa alitarajiwa kumuuzia aliyempa. Wengine hujinunulia kamba zao. Hapa kuna makundi mawili ya watu wa kijiji kimoja, wanaolima bahari moja na kuvuna kwa majira yale yale, wanaotofautiana katika jambo moja linaloonekana. Mada imeanza kuwa swali, kwa kuwa sasa kuna cha kulinganisha. Jina la kijiji halikuleta ulinganisho huo, na hata kama mwanafunzi angeshuka hadi mtaa mmoja wa Jambiani, bila makundi hayo angebaki na mada.

Jaribio la kwanza la swali linaweza kuwa hili: wanaopewa kamba na wanaojinunulia wanatofautianaje katika aina ya mwani wanayopanda? Kwenye karatasi linapendeza. Kabla ya kulipeleka kwa msimamizi, achukue karatasi tupu na kuchora jedwali ambalo utafiti wake utakuja kulijaza: safu mbili kwa makundi mawili ya wakulima, na nguzo mbili kwa kotonii na spinosamu. Halafu ajiulize kila kisanduku kitapata watu wangapi. Kwa kuwa kotonii imekuwa ikifa hukohuko kwenye kina kifupi, inawezekana kabisa nguzo yake ikabaki na watu wawili au watatu. Tofauti haiwezi kupimwa pale ambapo karibu wote wako upande mmoja. Ziara moja fupi ya kijijini, yenye maswali matatu tu kwa watu kumi, inatosha kulijua hilo. Bila ziara hiyo litagunduliwa wakati wa kuchambua data, na muhula umekwisha.

Ikitokea hivyo, swali halitupwi lote. Makundi yanabaki, kinachobadilika ni kile kinachopimwa. Paje na vijiji jirani wapo wanawake wanaosaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza wote ukiwa umekaushwa tu. Kwa mtu aliyefungwa na kamba ya mnunuzi, kubakiza mwani kwa ajili ya sabuni ni uamuzi wenye uzito wake. Swali linakuwa hivi: "Miongoni mwa wanawake wanaolima mwani Jambiani, wanaopewa kamba na mnunuzi wanatofautianaje na wanaojinunulia katika sehemu ya mavuno yao ya mwisho ambayo hawakumuuzia mnunuzi yeyote?"

Kila kipande cha sentensi hiyo kina kazi. "Mavuno ya mwisho" kimewekwa kwa sababu mwani huvunwa baada ya takriban wiki sita, na mkulima atakumbuka magunia ya juzi kuliko ya mwaka mzima. "Sehemu" inamwezesha mwenye shamba dogo kulinganishwa na mwenye shamba kubwa. Na "wanatofautianaje" kimechukua nafasi ya "athari" kwa makusudi. Anayejinunulia kamba huenda ana mume mvuvi au duka; huenda pesa hiyo, si kamba, ndiyo inayompa uhuru wa kubakiza mwani. Mahojiano ya wakati mmoja na watu arobaini hayawezi kuvitenganisha viwili hivyo kwa uhakika. Yanaweza kuuliza vyanzo vingine vya kipato na kuripoti kama tofauti inabaki kwa wasio na duka wala mvuvi nyumbani. Pendekezo likiahidi zaidi ya hapo, mtahini ataliona kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Sampuli nayo ina mtego. Njia rahisi ya kuwapata wakulima ni kupitia kiongozi wa kikundi, lakini wanakikundi ndio wenye nafasi kubwa ya kutengeneza sabuni, na jedwali litajaa upande mmoja kwa sababu ya mlango aliopitia mtafiti. Afadhali aanzie kwa sheha, ambaye hata hivyo lazima apigiwe hodi kibali cha utafiti kikiwa mkononi, apate orodha pana zaidi, kisha achague humo bila upendeleo.

Ratiba nayo itafuata maji. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari hutoka mbali na wanawake huwa shambani; kumsimamisha mtu saa hizo kwa dodoso ni kumlia saa zake chache za kazi. Mahojiano yawekwe siku za maji mafu. Kwa hesabu hiyo mwezi mmoja unampa vipindi viwili tu vya kuhoji, na watu arobaini wanaenea humo iwapo dodoso ni la ukurasa mmoja. La kurasa nyingi haliwezi kuingia, na wala halihitajiki: chanzo cha kamba, magunia yaliyovunwa, magunia yaliyouzwa kwa mnunuzi, yaliyobaki yalikwenda wapi, na kipato kingine cha nyumbani.