Mkanda Ulionyofoka

Ukimpelekea fundi begi la shule lililonyofoka mkanda, kinachotangulia mkononi mwake kitakuonyesha ni fundi wa namna gani. Wapo wanaoshika uzi papo hapo. Mzee mmoja anayekaa na kisanduku chake pembezoni mwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hushika begi kwanza. Huligeuza ndani nje, akalisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ule mdomo ulioachama juu ya mgongo wa begi.

Anachotafuta ni kitu kimoja: kilichoshindwa ni uzi au ni kitambaa? Uzi ukikatika, matundu ya sindano hubaki yamejipanga vizuri na kitambaa ni kizima, na hapo kushona upya juu ya mstari uleule kunatosha. Kitambaa kikishindwa, hali ni nyingine. Uzi unakuwa mzima kabisa, umeng'ang'ania mwisho wa mkanda pamoja na manyoya ya kitambaa uliyotoka nayo. Begi aliloletewa siku niliyoketi pale, la kijana wa kidato cha pili, lilikuwa la namna hii ya pili. Ndiyo hali ya mabegi mengi ya bei nafuu.

Sababu iko kiwandani. Mwisho wa mkanda huwekwa katikati ya vitambaa viwili, cha mgongo na cha juu, kisha cherehani hupita mara moja, pengine nusu sentimita tu kutoka ukingoni. Kitambaa cha poliesta kilichokatwa hufumuka. Nyuzi zake za ukingoni huteleza zikatoka moja moja, na ile nusu sentimita huisha kimyakimya hadi mshono ukabaki haujashika kitu. Kijana naye hubeba begi kwa bega moja, vitabu vyote vimelalia mkanda huohuo, na kila anaporuka kupanda daladala mzigo unavuta kwa kushtua. Mshono wa aina hii ukivutwa hupanuliwa kuanzia pembeni, kwa hiyo tundu la mwisho hubeba uzito peke yake, likiachia linafuata la jirani.

Mama wa kijana alikuwa na haraka. "Mzee, si ushone tu na uzi mnene uishe?"

"Uzi ukizidi nguvu ya kitambaa, mama, unakuwa msumeno," alijibu, huku akitafuta wembe.

Alifumua mshono zaidi ya nilivyotarajia, karibu sentimita 5 kila upande wa mahali palipochanika. Fundi mvivu huishia pale jeraha linapoishia, lakini kitambaa cha jirani kimekwisha kuchoka, na mshono mpya ukianzia hapo utachanika palepale. Manyoya aliyakata kwa mkasi, kisha akapitisha mwali wa kiberiti cha gesi ukingoni, kwa mbali na kwa upesi. Poliesta na nailoni huyeyuka kidogo zikashikana, hazifumuki tena. Mwali ukikaa, ukingo unakuwa mgumu wenye ncha, na ncha hiyo baadaye hukata uzi. Pamba haiyeyuki, huungua tu, kwa hiyo kwa begi la turubai la pamba, anayekunja ukingo badala ya kuuchoma ndiye aliye sahihi.

Kisha akatoa kwenye kisanduku kipande cha mkanda wa usalama wa gari. Hiki ndicho kiini cha kazi yake, na ndicho kilichonifanya niendelee kuketi. Mkanda wa begi ulikuwa umebaki mfupi mno kuingia tena ndani. Akashona kile kipande chini ya mwisho wake, vikapandana kwa takriban sentimita 5. Akakipitisha kwenye mdomo uliofumuliwa, akakilaza upande wa ndani kikishuka kwenye mgongo wa begi, na chini yake akaweka kiraka cha turubai gumu kilichozidi upana wa mkanda pande zote. Maana yake ni kwamba mshono wa juu sasa unafunga mdomo tu. Uzito wa vitabu unashuka na mkanda hadi kwenye kiraka, na kiraka kinaugawa kwenye eneo la kiganja kizima cha mgongo wa begi.

Ndipo uzi wa kushonea begi lenyewe ulipotoka. Ulikuwa wa nailoni uliosokotwa, ambao aliuburura mara mbili kwenye donge la nta. Nta huufanya usichakae unapopita kwenye matundu, na huuzuia kuteleza fundo linapofungwa. Uzi wa pamba hauwezi kazi hii, jasho na mvua huuozesha. Kwa begi linaloanikwa juani kila siku, mimi ningechagua wa poliesta, kwa kuwa nailoni hupungua nguvu kwa jua, ingawa huvumilia mishtuko vizuri zaidi kwa sababu hunyumbuka.

Anashona kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini na kindoano karibu na ncha. Mkono wa kulia unatoboa kutoka juu, wa kushoto uko ndani ya begi, hauonekani, unavisha uzi kwenye kindoano. Msharasi ukirudi unaleta kitanzi, na uzi wa juu unapenyezwa ndani yake. Kisha mikono yote miwili inavuta kwa pamoja. Uzuri uko kwenye mvuto huo. Ukivuta zaidi kwa juu, vitanzi vya chini vinachomoza usoni mwa kitambaa, na ukilegea, sponji ya mgongo inaachia baada ya wiki chache. Yeye huvuta hadi uzi uzame kidogo kwenye sponji, basi.

Kati ya hatua moja na nyingine palikuwa na kama milimita 4. Karibu zaidi ya hapo, matundu yanasongamana na kitambaa kinachanika kwa kufuata mstari wake. Alishona mraba kuzunguka kipande cha ndani, akaukata kwa msalaba kutoka pembe hadi pembe. Mstari unaokwenda sambamba na mvuto hugawana mzigo tundu kwa tundu, ila ule uliokingama hupokea wote kwa mpigo, na kwa hiyo msalaba husaidia ile mistari iliyokingama. Kwenye pembe, ambako uzito hufika kwanza, alirudia mara tatu katika matundu yaleyale. Mdomo wa juu aliufunga kwa mistari miwili, akiushusha sentimita moja kwenye kitambaa kizima. Begi likafupika kidogo, na hakuna atakayeona. Mwisho wa uzi ukarudishwa nyuma hatua kadhaa, ukakatwa, ukaguswa na moto ukawa kitone.

Sikumwona akitumia gundi ya kukauka upesi, ambayo wengi huipaka juu ya mshono kama bima. Hugumisha kitambaa, na palipo pagumu panapopinda kila siku hupasuka.

Mama alikwisha fungua pochi. Mzee akashika mkanda wa pili, ule mzima, akauvuta mbali na begi na kumwonyesha matundu yaliyokwisha kurefuka kwenye mshono. Huo hakuufumua, kwa kuwa kitambaa kilikuwa bado na ukingo wa kutosha. Aliweka kiraka ndani, akapitisha mistari miwili na kurudia pembe, na kwa kazi hiyo akadai nusu ya bei ya upande wa kwanza.