Kitabu Kinachobaki Kichwani

Mwanafunzi wa kidato cha nne huingia kwenye Mtihani wa Taifa wa Kiswahili akiwa na kalamu tu. Vitabu vya fasihi vinabaki nje. Karatasi ya mtihani itamsaidia kwa jambo moja, kwamba orodha ya vitabu na waandishi huwa imechapwa humo. Baada ya hapo swali linamtaka atumie riwaya mbili alizosoma, pengine atoe hoja tatu kwa kila kitabu, na kila hoja aifungie mfano. Mifano hiyo haimo kwenye karatasi, hivyo lazima aje nayo.

Nafundisha fasihi jioni hapa Manzese, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, na katika ualimu wote hakuna kazi ninayoiheshimu kama ya kijana anayekihifadhi kitabu taratibu, wiki baada ya wiki. Naiita ufundi, kwa sababu ina mpangilio wake na ina namna ya kujikagua. Anayemeza desa la fotokopi usiku wa kuamkia mtihani anafanya kazi nyingine kabisa. Yeye anahifadhi maneno ya mchambuzi, na swali likigeuzwa kidogo tu hana pa kushika.

Mtihani huwa Novemba, kwa hiyo riwaya mbili tunazianza katikati ya Septemba. Tuchukue Takadini ya Ben J. Hanson na Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo. Wiki ya kwanza ni ya kusoma tu. Mwanafunzi anakipitia kitabu chote, penseli mkononi, na mahali palipomgusa anaandika namba ya ukurasa. Hachambui kitu. Wiki ya pili anawashughulikia wahusika, kila mmoja nusu ukurasa wa kaunta buku: ni nani, ana uhusiano gani na wengine, ametenda nini, na mwisho wa kitabu yukoje. Neno kama "jasiri" au "mpole" halikubaliki mpaka tendo liandikwe kando yake. Sekai ni jasiri kwa sababu alimbeba mwanawe Takadini, aliyezaliwa na ualbino, akatoroka naye ili asiuawe kama mila ilivyotaka. Tendo likishaandikwa, sifa inajitokeza yenyewe.

Wiki ya tatu ndiyo tamu kuliko zote. Mwanafunzi anachora jedwali: tendo upande wa kushoto, dhamira upande wa kulia. Anagundua kuwa tendo moja halina dhamira moja. Kutoroka kwa Sekai kunajibu swali la mila potofu. Kunajibu pia swali la mapenzi ya mama, na swali la nafasi ya mwanamke katika jamii. Hapo mzigo unapungua sana. Matendo saba au manane yaliyochaguliwa vizuri, yakijulikana barabara, yanatosha kujibu karibu kila swali la riwaya ile. Ila kuna sharti: ndani ya insha moja, tendo moja lijenge hoja moja. Ukilitumia mara mbili, msahihishaji ataona umerudia hoja, nawe utakuwa umeandika aya nzima bila faida.

Wiki ya nne tunaunganisha vitabu. Swali likiwa kwamba mwanamke ni mhimili wa familia, Sekai anawekwa mstari mmoja na Mama Ntilie. Sekai anamwokoa mwanawe kwa kuondoka. Anaacha mume, Makwati, na kijiji chake, akaanza maisha ugenini kwa mzee Chivero. Mama Ntilie anahangaikia wanawe palepale alipo, akiuza chakula wakati mumewe, Lomolomo, anaishia kwenye pombe. Mmoja anashindana na mila, mwingine na umaskini na ulevi. Mwanafunzi akishaiona tofauti hiyo, insha yake inaacha kuwa hadithi mbili zilizobandikwa pamoja. Anaweza kuanza aya kwa hoja, akaleta tendo, akamalizia kwa kuonyesha tendo hilo linathibitisha nini. Wengi wanaopoteza alama wanakifahamu kitabu vizuri, lakini wanasimulia pale walipotakiwa kujadili.

Jambo lililonishangaza katika kazi hii ni hili: kitabu kinachowasumbua vijana wa Manzese si kile cha mbali. Takadini imejaa majina ya Kizimbabwe, Dadirai, Rumbidzai, Pindai, nao huyashika kwa sababu wanajua ni mageni na wanayakalia. Watoto wa Mama Ntilie ndicho kinachowaponyoka. Mama ntilie wapo kila kona ya mtaa huu, na baadhi ya wanafunzi wangu wamelelewa kwa biashara hiyo. Binti mmoja aliniandikia aya nzuri mno kuhusu Mama Ntilie anayeamka saa kumi kupika, anayekopesha wateja, anayekimbizana na mgambo. Nilimwomba afungue kitabu anionyeshe ukurasa. Alitafuta, akacheka, akasema, "Mwalimu, huyu ni mama." Tangu siku ile kila tendo la kitabu hiki linaandikwa na namba ya ukurasa, na lisilo na ukurasa linafutwa, hata liwe la kweli kiasi gani mtaani.

Dondoo hasa, yaani maneno yenyewe ya mwandishi, tunayahifadhi zaidi kwenye ushairi, maana huko maneno ndiyo ushahidi. Wiki ya tano ni ya diwani. Mstari mmoja au miwili kwa kila dhamira inatosha, na kando yake huandikwa jina la shairi na kazi ya mstari huo. Kichwa kina tabia ya kubadilisha neno kwa kisawe chake bila kukujulisha. Shairi la kimapokeo hukulinda: kama mshororo ni wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, hesabu kwa vidole, na ukipata kumi na saba ujue umeingiza neno lako. Kina cha kati kikigoma, ni hivyohivyo. Shairi huru halina ulinzi huo, kwa hiyo nawaambia wachukue maneno machache zaidi na wayarudie mara nyingi zaidi, asubuhi kabla ya kelele za barabarani kuanza.

Wiki ya sita vitabu vinafungwa. Mwanafunzi anapewa karatasi tupu na jina la dhamira moja. Anaandika matendo, wahusika na dondoo zote anazozikumbuka kutoka vitabu viwili, kisha ndipo anafungua kaunta buku na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kusoma daftari mara kumi kunampa mtu hisia ya kujua. Karatasi tupu inamwonyesha anachokijua kweli. Palipo na wino mwekundu ndipo pa kurudi kesho, na palipo safi paachwe papumzike siku tatu kabla ya kujaribiwa tena.

Nimewaona wanaopita njia hii wakizungumza habari za Sekai miaka baada ya mtihani, kama mtu wanayemfahamu. Desa halijawahi kumwachia mtu kumbukumbu ya namna hiyo. Basi wewe uliye na mtoto kidato cha nne, usimnunulie uchambuzi mwingine wa stesheneri. Mnunulie kitabu chenyewe na kaunta buku moja, na uvitie mkononi mwake kabla Septemba haijafika katikati.