Pai kwa Tanjenti Kinyume: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Wanafunzi wa kidato cha sita wanaokuja tuisheni hapa Soweto, Mbeya, karibu wote huniandikia jibu lile lile:

arctan x = x − x³/3 + x⁵/5 − x⁷/7 + …

Jibu likiwa moja, mtu hudhani kazi zote zina thamani moja. Hapana. Nikishika daftari sianzi na jibu. Napanda mistari michache juu yake kutafuta kitu kimoja: baki limekwenda wapi?

Mfululizo huu unatokana na ukweli kwamba tanjenti kinyume ya x hupatikana kwa kuintigreti 1/(1 + t²) kuanzia 0 hadi x. Mwenye haraka huifungua sehemu hiyo kuwa 1 − t² + t⁴ − t⁶ na kuendelea bila kikomo, kisha akaintigreti kipande kimoja kimoja. Kwa x iliyo kati ya −1 na 1, njia hiyo inatetewa bila shida. Lakini pai tunaitafuta kwenye x = 1, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: weka t = 1 nawe utapata 1 − 1 + 1 − 1, jumla inayoruka kati ya 1 na 0 bila kutulia. Aliyepita hapo akaandika π/4 ameandika kitu cha kweli, ila hajakithibitisha.

Kazi safi hukata mfululizo baada ya vipande n, ikaandika na kilichosalia:

1/(1 + t²) = 1 − t² + t⁴ − … + (−1)ⁿ⁻¹t²ⁿ⁻² + (−1)ⁿt²ⁿ/(1 + t²)

Usawa huu ni kamili kwa t yoyote, hata 1. Sasa intigreti pande zote kuanzia 0 hadi 1. Kwa kuwa 1 + t² haishuki chini ya 1, baki haliwezi kuzidi intigrali ya t²ⁿ, yaani 1/(2n + 1). Kadiri n inavyokua, kiasi hicho kinakwenda sifuri. Hapo tu ndipo mwanafunzi anaporuhusiwa kuandika π/4 = 1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 na kuendelea.

Kosa jingine huonekana kwenye kikokotoo. Akibonyeza `tan⁻¹` ya 1 akapata 45, halafu akazidisha kwa 4 akapata 180, mashine iko kwenye nyuzi. Intigrali yetu inatoa radiani, kwa hiyo jibu linalotakiwa kabla ya kuzidisha ni 0.785398.

Anayejua kazi pia hujaribu mfululizo kwa namba, na hapo uvivu wa mfululizo huo unajionyesha. Ukizidisha kwa 4, kipande cha kwanza kinatoa 4, viwili 2.66667, vitatu 3.46667, vinne 2.89524. Jumla inapita juu ya pai, inarudi chini, inapita tena. Baada ya vipande 10 umefika 3.04184 tu, na baada ya 1,000 ni 3.14059. Sababu imo ndani ya lile baki. n ikiwa kubwa, t²ⁿ huwa na uzito karibu na t = 1 peke yake, na huko 1/(1 + t²) ni takribani nusu. Kwa hiyo baki linakaribia 1/(4n), na kosa la pai linakuwa karibu 1/n. Desimali moja zaidi inadai vipande mara kumi.

Lakini ukilijua kosa, unaweza kulirudisha. Chukua ile 3.04184 ya vipande 10. Kipande cha mwisho kilitolewa, kwa hiyo tuko chini ya pai. Ongeza 1/10: unapata 3.14184, na kosa limeshuka kutoka karibu 0.1 hadi 0.00025. Sahihisho hili lilijulikana Kerala, ng'ambo ya bahari hii hii ya Hindi, na wanahisabati wa huko walilihusisha na Madhava wa karne ya 14. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na mwanafunzi aliyelitupa baki mwanzoni hawezi kuifikia.

Dawa nyingine ni kuihama x = 1. Tanjenti ya π/6 ni 1/√3, na ukiiweka kwenye mfululizo unapata:

π = √12 (1 − 1/(3·3) + 1/(5·9) − 1/(7·27) + …)

Sasa kila kipande kinagawanywa kwa 3 zaidi ya kilichotangulia. Vipande 10 vinaacha kosa lisilofika 0.000003, bila sahihisho lolote. Ukiona daftari lenye baki lililoandikwa, radiani, na hesabu ya vipande 10 kwa njia hizi mbili zikiwa bega kwa bega, mpe mwenyewe alama zote.